Hadithi ya Mwanzo wa Duka na Maneno ya Anayelitafuta

Hadithi ya mwanzo wa duka ni maandishi mafupi ambamo mwenye duka anaeleza kilichomfanya aanze kuuza anachokiuza. Huandikwa kwa ajili ya mnunuzi anayetaka kujua pesa yake inakwenda kwa nani. Lakini mnunuzi huyo hawezi kuisoma kabla hajaipata, na siku hizi wengi huanza kwa kuandika Google maneno mawili matatu ya kitu wanachokihitaji. Hayo ndiyo maneno ya utafutaji. Mwandishi ana mambo mawili ya kutimiza kwa pamoja: asimulie kama mtu anayezungumza na mtu, na maneno ya mtafutaji yawemo.

Wengi hudhani mambo hayo mawili yanapingana, kwa hiyo huandika hadithi kwanza kisha huchomeka maneno ya utafutaji humo ndani. Ukweli ni kwamba watu hutafuta vitu, mahali na dawa ya shida zao, na hadithi nzuri hujengwa kwa vitu, mahali na shida vilevile. Hadithi inayotaja mambo yake halisi huwa tayari imebeba sehemu kubwa ya maneno yanayotafutwa. Inayokosa maneno hayo mara nyingi imekosa pia uhai, na sababu ni ileile: imeandikwa kwa maneno ya jumla.

Tuseme mwenye duka ni mwanamke wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, anayeuza sabuni ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kikashikwa zaidi na wanawake. Maji yanapokupwa, mkulima huingia baharini na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kati ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, na kuuza mwani mkavu kwa kilo. Bei ya mwani mkavu ni ndogo, ndiyo maana baadhi ya wanawake waligeukia kuusaga na kuutia katika sabuni. Hapo kuna kisa kizima, lakini mwenye duka akikaa kuandika, mara nyingi hutoka na kitu kama hiki:

"Siku zote nilikuwa na ndoto ya kuwa na biashara yangu. Baada ya safari ndefu yenye changamoto nyingi, niliamua kuwaletea wateja bidhaa bora za asili."

Hakuna sabuni humo, hakuna mwani, hakuna Paje. Muuza asali au mshona vitenge angeweza kuyachukua maneno hayo bila kubadilisha hata moja. Anayetafuta sabuni hatayafikia, na akiyafikia hayatamwambia lolote. Kosa la upande wa pili hutokea pale mtu anapoambiwa aongeze maneno ya utafutaji:

"Duka letu la sabuni ya mwani Zanzibar linauza sabuni ya mwani Zanzibar kwa wote wanaotafuta sabuni bora ya mwani Zanzibar."

Zamani ujanja huu ulisaidia. Leo kanuni za Google zinauhesabu kurundika maneno kuwa udanganyifu, na maandishi ya namna hiyo yanaweza kushushwa au kuondolewa kabisa katika matokeo. Hata yasiposhushwa, msomaji huondoka baada ya sentensi moja, kwa kuwa hakuna mtu anayezungumza hivyo. Sasa kisa kilekile kikisimuliwa kwa mambo yake:

"Kwa miaka mingi nililima mwani Paje na kuuza mkavu kwa kilo. Fedha ya gunia zima haikutosha kununua sare za shule za wanangu. Siku moja nilisaga mwani kidogo, nikauchanganya na mafuta ya nazi, nikatengeneza sabuni ya kuogea ya kutumia nyumbani. Jirani yangu mwenye ngozi kavu akaomba kipande. Kilipomwishia, alirudi na pesa mkononi. Duka hili la sabuni ya mwani lilianzia hapo."

Humo mna "sabuni ya mwani", "sabuni ya kuogea", "mafuta ya nazi", "ngozi kavu" na "Paje", na hakuna neno lililochomekwa. Kila moja lipo kwa sababu kisa kisingesimama bila hilo. Kilichopungua ni "Zanzibar", ambalo litapata nafasi katika kichwa.

Maneno yenyewe huokotwa kwa wateja. Ujumbe wanaoutuma kwa simu na maswali wanayouliza dukani huonyesha wanakiitaje kitu. Muuzaji anaweza kuandika "vipodozi asilia vya mwilini" wakati wateja wote wanauliza "sabuni ya asili". Njia nyingine ni kuanza kuandika "sabuni ya" katika Google na kutazama maneno ambayo Google yenyewe inapendekeza, kwa kuwa mengi hutokana na yale ambayo watu wamekuwa wakitafuta. Kwa hadithi moja linatosha neno kuu moja na mengine mawili matatu ya kulisaidia. Watafutaji huandika kwa mkato, kama vile "sabuni mwani zanzibar", lakini si lazima kuwaiga: mashine inaelewa vya kutosha, na Kiswahili kilichonyooka humpa msomaji imani. Mgeni wa ng'ambo ataandika "seaweed soap Zanzibar", naye anastahili hadithi yake kamili kwa Kiingereza, si sentensi za mchanganyiko.

Neno kuu lina nafasi zake: kichwa, aya ya kwanza, maelezo ya picha, na muhtasari unaoweza kutokea chini ya kichwa katika matokeo. Kichwa kinachozidi herufi 60 hivi huweza kukatwa. "Kwa nini nilianza kutengeneza sabuni ya mwani Paje, Zanzibar" kinaenea, na bado kinasikika kama mtu anayeanza kusimulia. Baada ya hapo neno lijirudie pale tu simulizi inapolihitaji. Hakuna idadi maalumu ya kutimiza.

Yapo maneno yanayotafutwa sana ambayo hayafai kuingia. Mtu anayeandika "sabuni ya kuondoa chunusi" anatafuta kitu cha kununua, na mahali pake ni katika maelezo ya bidhaa. Tena, kuahidi kwamba sabuni inatibu ni hatari: bidhaa inayodaiwa kutibu huanza kuhesabiwa kama dawa, na Zanzibar dawa na vipodozi vyote viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa. Jirani mwenye ngozi kavu anaweza kubaki katika hadithi kama mteja wa kwanza, bila kugeuzwa ushahidi wa tiba.

Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, na chombo cha bure cha Google kiitwacho Search Console huonyesha maneno yaliyoileta hadithi mbele ya watu, mara ilizoonekana na mara ilizofunguliwa. Ikionekana mara nyingi bila kufunguliwa, kasoro huenda iko katika kichwa au muhtasari. Ikijitokeza kwa maneno yasiyohusiana na duka, mambo yake halisi bado ni machache na aya za mwanzo zinahitaji kuandikwa upya. Na kama orodha hiyo ina neno ambalo mwenye duka hakulifikiria, mfano "zawadi kutoka Zanzibar", ajiulize kwanza kama kweli wateja wake hununua sabuni ili kuwapelekea wengine. Ikiwa ndivyo, hilo ni tukio la kweli la dukani, na aya yake inaweza kuongezwa.