Stika ya WhatsApp: kwa nini foto ya chukudu inahitaji ukingo mweupe na kivuli

Vijana wa Goma na Bukavu wanaotengeneza stika zao wenyewe hukutana mara nyingi na shida mbili. Ya kwanza: foto iliyokatwa vizuri inapotea mara tu inapotumwa kwa mtu mwenye telefone yenye skrini nyeusi. Ya pili: programu inakataa stika. Sababu ziko katika mambo matatu: ukingo, kivuli na kipimo.

Tuchukue foto ya chukudu iliyosimama peke yake, bila mzigo. Mbao zake ni za rangi ya kahawia nzito na magurudumu yamevikwa mpira mweusi. Ukiikata na kuituma hivyo, kwenye skrini nyeusi magurudumu hayaonekani tena. Ukingo mweupe unaozunguka chukudu ndio unaoyatenganisha na giza. Lakini kwa mwenye skrini nyeupe, ukingo huo nao unapotea. Hapo ndipo kivuli laini kinafanya kazi: kinaonyesha mahali ukingo unaishia. Kila kimoja kinasaidia pale ambapo kingine hakionekani.

WhatsApp inataka karatasi ya stika iwe na pikseli 512 kwa 512, hata kama kitu chenyewe ni kirefu au kipana. Inashauri pia kuacha nafasi tupu ya pikseli 16 kila upande na kuweka ukingo mweupe wa pikseli 8. Ukitoa 16 na 8 pande zote mbili, chukudu inabaki na pikseli 464. Kama baada ya kukata ilikuwa na upana wa 1600 na urefu wa 1200, ipunguze iwe 464 kwa 348. Usiivute ili ijaze karatasi, kwa sababu magurudumu yatakuwa kama mayai.

Ni lazima kupunguza kwanza, kisha kuweka ukingo. Ukiweka ukingo wa pikseli 8 kwenye foto ya 1600, baada ya kupunguza utabaki na pikseli 2 hivi, na kwenye telefone hautaonekana.

Kwenye ordinatere, programu ya bure GIMP inatosha. Hizi ndizo hatua, kwa majina ya Kifaransa yanayoonekana kwenye skrini. Kata chukudu, ukitoa pia ardhi inayoonekana kati ya usukani na ubao. Watu wengi wanasahau tundu hilo, na kipande cha barabara kinabaki ndani ya stika. Punguza foto, kisha kwa `Taille du canevas` weka 512 kwa 512, chukudu ikiwa katikati. Chagua `Alpha vers sélection`, halafu `Agrandir` kwa pikseli 8. Fungua tabaka jipya chini ya chukudu na ujaze rangi nyeupe. Tundu lenye upana usiofika pikseli 16 litajaa weupe, kwa sababu ukingo unaingia kutoka pande zote mbili. Hilo si kosa.

Ondoa uteuzi, kisha kwenye tabaka hilo jeupe weka `Ombre portée`: rangi nyeusi, X 0, Y 3, ukungu 4, uzito 0.4. Kivuli hicho kinakaa ndani ya zile pikseli 16. Ukikifanya kikubwa zaidi, kitakatwa na mwisho wa karatasi, na chini ya stika utaona mstari ulionyooka kama umekatwa kwa makasi.

Kabla ya kuhifadhi, weka tabaka jeusi chini ya vyote na utazame, kisha lijaze rangi nyeupe utazame tena. Vipande vya mbingu au vya ukuta vilivyobaki kandokando vitaonekana mara moja. Ondoa tabaka hilo la majaribio, halafu hifadhi kwa `WebP`. Usitumie `JPEG`: haihifadhi sehemu zisizo na rangi, na chukudu itafika ndani ya mraba mweupe.

Stika isiyotembea haipaswi kuzidi kilobaiti 100. Ikizidi, punguza ubora wakati wa kuhifadhi, kwa mfano kutoka 90 hadi 75, bila kugusa vipimo. Chukudu iliyobeba magunia ya makala itakuwa nzito kuliko ile tupu, kwa sababu ina alama ndogondogo nyingi.

Pakiti inapaswa kuwa na stika 3 hadi 30. Usichanganye zinazotembea na zisizotembea. Kuna pia alama ndogo ya pakiti: pikseli 96 kwa 96, isiyozidi kilobaiti 50. Kwa alama hiyo chukudu nzima itakuwa ndogo mno. Gurudumu la mbele na usukani vinatosha mtu kuitambua.