Kulikunja Wimbi kwa Diodi Nne

Fundi anayepima amplifaya huhitaji wimbi la saini, si saini ya kwenye hati bali ile ya hesabu za pembe: mstari laini unaopanda, ukajikunja kileleni, ukashuka. Kulizalisha moja kwa moja kuna usumbufu wake. Saketi nyingi za kazi hiyo huchelewa kutulia kila masafa yanapobadilishwa, hasa yakiwa ya chini sana. Wimbi la pembetatu halina taabu hiyo. Chaji kapasita kwa mkondo usiobadilika, volti itapanda kwa mstari ulionyooka. Geuza mkondo, itashuka vivyo hivyo.

Basi inachukuliwa pembetatu, inakunjwa.

Karibu na sifuri, mawimbi haya mawili yanaweza kufanana sana. Tofauti iko juu: pembetatu inaendelea kupanda kwa kasi ileile hadi kwenye ncha, ilhali saini imeshaanza kupoa. Ili yaende sambamba pale chini, kilele cha pembetatu kinapaswa kuwa mara 1.57 ya kile cha saini.

Tuseme pembetatu ina kilele cha volti 5, nayo inapita kwenye rezista ya kiloomu 10. Mwanzoni hakuna diodi inayopitisha umeme, kwa hiyo kinachoingia ndicho kinachotoka. Pato likifika volti 1.6, diodi ya kwanza inafunguka na kuvuta mkondo kupitia rezista ya kiloomu 22 iliyoshikiliwa kwenye volti 1. Diodi ya silikoni yenyewe hula kama 0.6. Mteremko unapungua hadi takribani 0.69 ya ule wa awali. Kwenye volti 2.75 inafunguka ya pili, yenye kiloomu 3.9 na egemeo la volti 2.15, na mteremko unabaki robo tu. Pembetatu inapogusa 5, pato liko 3.18, yaani 5 gawanya kwa 1.57. Diodi mbili nyingine, zimegeuzwa, hufanya hayohayo upande wa hasi.

Mtu angetarajia kuona vifundo kwenye oskiloskopu. Vipo, lakini diodi haifunguki ghafla kama swichi. Hufunguka polepole, na uzembe huo husaidia kulainisha kona.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni ukubwa wa pembetatu. Ikipungua, kilele hubaki na ncha. Ikizidi, saini inapanda kupita kiasi na kuchongoka tena, kwa sababu hakuna diodi ya tatu ya kuizuia. Nusu ya juu ikitofautiana na ya chini, ujue pembetatu haijakaa katikati ya sifuri, au egemeo za pande mbili hazilingani. Joto nalo lina lake: volti ya diodi hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na sehemu za kukunja huhama nayo.

Kabla ya kubadilisha rezista yoyote, pima kwanza kilele cha pembetatu.