Shati la Usaili: Anza na Kola

Ukiingia kwenye mitumba ya Kayanga au Nkwenda kutafuta shati lako la kwanza la usaili, rangi iache kwanza. Anza na kola. Shati likiwa pana fundi atalibana ubavuni, mikono mirefu ataifupisha, ila kola ikikukaba hana la kufanya.

Zungusha futi ya fundi shingoni, chini kidogo ya koromeo, vidole viwili vikiwa ndani. Tuseme umepata inchi 15 na nusu; kwenye lebo tafuta 15½, au 39 kama ni ya sentimita. Lakini mtumba umeshafuliwa sana, pengine umesinyaa, kwa hiyo inyooshe kola na uipime mwenyewe, toka katikati ya kifungo hadi tundu lake.

Namba ya pili, mfano 34, ni ya mkono, na hupimwa kuanzia katikati ya kisogo, siyo begani. Wengi hukosea hapo. Livae, kisha inua mkono kama unaandika ubaoni: likipanda mbali juu ya kifundo, ni fupi. Halafu kaa. Vifungo vya tumboni vikiachama, mwachie muuzaji slimfiti yake.