Kwa Nini Kunguni Hurudi Baada ya Kupuliza Dawa

Na Mwandishi Wetu

Wakazi wengi waliowahi kupambana na kunguni wanaifahamu hali hii: chumba kinapulizwa dawa, usiku mbili tatu watu wanalala kwa amani, kisha baada ya wiki mbili watoto wanaanza tena kujikuna. Wengi hudhani kwamba waliuziwa dawa bandia. Jambo hilo huweza kutokea, lakini mara nyingi sababu imo katika maisha ya mdudu mwenyewe.

Kunguni haishi mwilini mwa mtu kama chawa. Hujificha karibu na mahali mtu anapolala, akatoka usiku kwa kuvutwa na joto la mwili na hewa tunayoitoa tunapopumua. Hunyonya damu kwa dakika tano hadi kumi, kisha hurudi mafichoni na kukaa huko siku kadhaa akiimeng'enya. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya maisha yake haonekani.

Mwili wake ni bapa kiasi cha kupenya katika ufa wenye unene wa kadi. Hukaa kwenye mishono ya godoro, viungo vya kitanda, matundu ya misumari, chini ya chaga, nyufa za ukuta na hata nyuma ya picha. Alama yake ni vidoadoa vyeusi vya kinyesi, ambavyo vikifutwa kwa kitambaa chenye maji husambaa kama wino. Tusitegemee alama za kuumwa pekee, kwani baadhi ya watu huumwa bila ngozi zao kuonyesha chochote.

Tuchukue mfano wa kaya inayopuliza dawa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kunguni wanaoguswa na dawa wanakufa. Hata hivyo, ndani ya viungo vya kitanda yamebaki mayai meupe, yenye urefu wa takriban milimita moja, yaliyogandishwa kwenye mbao. Dawa nyingi haziyaharibu. Katika joto la kwetu mayai hayo huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi, hivyo kufikia Jumamosi ya tatu chumba kina kunguni wachanga, weupe na wadogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Kila mmoja hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, na kabla ya kila hatua lazima apate damu. Wakiachwa, baada ya wiki tano hivi majike yataanza kutaga, na kila jike huweza kutaga mayai zaidi ya mia mbili maishani mwake.

Hapo ndipo ilipo fursa. Kaya hiyo ikikagua na kutibu chumba tena takriban wiki mbili baada ya mara ya kwanza, itawakuta wadudu walioanguliwa kabla hawajaweza kutaga. Ukaguzi mwingine baada ya wiki mbili zaidi utawabaini waliosalia.

Kuhama chumba hakusaidii. Kunguni huweza kustahimili njaa kwa miezi, na anayehama huwabeba ndani ya godoro na nguo. Vilevile, baadhi ya kunguni wamekuwa sugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulithibitisha usugu huo hapa Tanzania, katika nyumba zilizokuwa na vyandarua vyenye dawa ya kundi la pairethroidi. Dawa nyingi za kupuliza majumbani ni za kundi hilohilo. Hii si sababu ya kuacha chandarua, kwa kuwa kinatukinga na malaria.

Silaha ambayo kunguni na mayai yake hawaizoei ni joto. Loweka shuka na nguo katika maji yenye joto la nyuzi 60 kwa nusu saa. Fungua kitanda vipande vipande na umwagie maji yanayochemka kwenye viungo na matundu, ukiwaweka watoto mbali. Kuanika godoro juani pekee hakutoshi, kwa sababu wadudu husogea upande wenye kivuli. Baada ya hapo ziba nyufa, sogeza kitanda mbali na ukuta na weka miguu yake katika makopo yenye maji. Kunguni haruki wala hapai, hivyo hulazimika kutambaa.

Dawa za shambani zisitumike ndani ya nyumba. Zinaweza kumdhuru anayelala humo kuliko kunguni mwenyewe. Aidha, penye nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja, vyumba vyote vitibiwe siku moja, la sivyo wadudu watavuka kutoka kwa jirani. Wapangaji wanashauriwa kupanga siku hiyo kwa pamoja na mwenye nyumba, na kumwona Afisa Afya wa Kata kabla ya kununua dawa.