Kamari ya Ng'ambo Kwenye Simu: Sheria Inasemaje?



Zamani mtu aliyetaka kujaribu bahati yake alinunua tiketi. Aliyeuza tiketi alijulikana, na ofisi yake ilikuwa hapa hapa nchini. Siku hizi mambo yamebadilika. Ukipita Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo, utaona maduka ya kubeti. Lakini mchezo mwingi hauonekani kwa macho, kwa sababu umo ndani ya simu. Kijana ameketi juu ya bodaboda akisubiri abiria, huku anaweka mkeka. Kampuni inayopokea dau lake inaweza kuwa Dar es Salaam. Inaweza pia kuwa kisiwani, mbali sana na Tanzania.

Katika somo hili tutajibu maswali mawili. Je, mtu wa Tegeta akicheza kwenye tovuti ya ng'ambo, anavunja sheria? Na atajuaje kama tovuti hiyo inaruhusiwa hapa?

Sheria inamtazama nani kwanza?

Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ni Sura ya 41 ya Sheria za Tanzania. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya sheria za zamani za mwaka 1967 na mwaka 1974. Ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania. Kazi ya Bodi ni kutoa leseni, kukagua michezo na kusikiliza malalamiko.

Sheria hiyo inamtazama kwanza mwendeshaji. Mwendeshaji ni mtu au kampuni inayoandaa mchezo na kupokea dau za watu. Huyo ndiye anayetakiwa kuwa na leseni ya Bodi. Akiendesha mchezo bila leseni, anatenda kosa. Haidhuru awe na leseni ya nchi nyingine. Leseni ya kisiwa cha Kurasao, kilicho kwenye bahari ya Karibi, si leseni ya Tanzania. Leseni iliyotolewa kwa jina la kisiwa cha Nzwani, huko Komoro, nayo si leseni ya Tanzania, hata kama Komoro ni jirani zetu.

Mchezaji ni mtu mwingine. Mtu mzima anayeweka dau lake mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, hatakiwi kukata leseni. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa sheria umebebwa na mwendeshaji, si na mchezaji. Lakini tusikimbilie kusema kwamba mchezaji hana neno. Yako mambo matatu ambayo yanamgusa yeye mwenyewe.

Jambo la kwanza ni umri. Tanzania mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Tovuti ya ng'ambo inaweza kumpokea mtoto bila kumwuliza kitu, lakini hilo halibadilishi sheria yetu.

Jambo la pili ni njia anayotumia kuingia. Tovuti nyingine zimefungwa, na mchezaji hushauriwa aweke VPN ili simu yake ionekane kama iko nchi nyingine. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilitoa tangazo kuhusu VPN. Wanaoitumia walitakiwa kujiandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Basi mtu anaweza kujiingiza matatani kwa sababu ya VPN, wala si kwa sababu ya dau.

Jambo la tatu ni kubwa zaidi, nalo ni kupokea dau za wengine. Tutalieleza baadaye kidogo.

Ukishinda, nani atakulipa?

Watu wengi huuliza kama watakamatwa. Wachache huuliza kama watalipwa. Swali hili la pili ndilo linalowaumiza watu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba mapatano ya kamari ni batili. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kwenda mahakamani kudai fedha aliyoshinda katika kamari ya hivi hivi tu. Kwa michezo yenye leseni kuna mlango mwingine. Mchezaji humlalamikia mwendeshaji kwanza, na asiporidhika hupeleka lalamiko lake kwenye Bodi. Mwendeshaji huyo anaiogopa Bodi, kwa sababu inaweza kumnyang'anya leseni.

Tovuti ya ng'ambo haina leseni ya kunyang'anywa hapa. Bodi haiwezi kuiamuru ikulipe. Mahakama zetu nazo hazina njia nyepesi ya kuifikia. Mchezaji anabaki na maneno ya kampuni peke yake.

Mfano mmoja

Tuseme kijana mwendesha bodaboda wa Tegeta amepewa tovuti na rafiki yake. Tovuti imeandikwa kwa Kiswahili. Dau ni kwa shilingi. Inaahidi kwamba anayeweka shilingi 10,000 ataongezewa 10,000 nyingine. Kijana anataka kujua kama ni halali. Afanye nini?

Kwanza, ateremke mpaka chini kabisa ya ukurasa. Huko huandikwa jina la kampuni kwa herufi ndogo. Jina la kampuni si lazima lifanane na jina la tovuti. Aliandike kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Aandike pia namba ya leseni na jina la aliyeitoa. Katika mfano wetu anakuta leseni ni ya Kurasao. Bodi ya Tanzania haikutajwa mahali popote.

Pili, afungue tovuti ya Bodi, ambayo ni www.gamingboard.go.tz, atafute orodha ya wenye leseni. Alinganishe jina la kampuni, kisha anwani ya tovuti. Hapa wengi hukosea. Huona jina linalofanana, wakaridhika. Lakini matapeli huiga jina la kampuni yenye leseni na kubadili herufi moja ya anwani, au kuongeza namba mwishoni. Kufanana hakutoshi, lazima iwe ile ile. Anayeshindwa kusoma orodha hiyo aipigie Bodi simu au aende ofisini kwake. Awataje kampuni, aulize, "Hawa wana leseni ya kucheza kwa mtandao?" Leseni ya duka la kubeti na leseni ya mchezo wa mtandaoni si kitu kimoja.

Tatu, aangalie fedha inakwenda wapi. Kampuni yenye leseni hupokea kwa namba ya kampuni. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu huonyesha jina la anayelipwa. Kijana wetu anaona jina la mtu binafsi. Anapouliza, anajibiwa, "Nitumie tu kwenye namba yangu, kaka, nitakuwekea kwenye akaunti." Hiyo ni dalili kwamba kampuni haina mlango wa halali wa kupokea fedha nchini.

Mambo hayo matatu yanatosha. Tovuti hiyo haina leseni ya hapa.

Tuseme hata hivyo alicheza, na akaunti yake ikaonyesha shilingi 180,000. Anapotaka kuzitoa, anaambiwa atume kwanza shilingi 30,000 za "kodi." Asitume. Kodi ya ushindi haikusanywi hivyo. Mwendeshaji mwenye leseni huikata ndani ya fedha uliyoshinda, akaipeleka Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Hakutumi ulete fedha mpya. Kiwango cha kodi hiyo hubadilishwa mara kwa mara na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo ulizia kiwango cha mwaka huu, usitegemee cha mwaka juzi.

Mchezaji anapogeuka mwendeshaji

Sasa turudi kwenye lile jambo la tatu. Yule aliyempa kijana namba yake anamwambia, "Na wewe uwe wakala. Kusanya dau za wenzako hapa kijiweni, utapata fungu lako." Kijana anaona ni kazi ndogo tu. Anapokea elfu mbili kwa huyu, elfu tano kwa yule, anazituma, na ushindi ukija anaugawa.

Hapo amevuka mpaka. Hachezi tena, anapokea dau za watu kwa ajili ya mchezo usio na leseni. Sheria itamtazama kama mwendeshaji au msaidizi wake. Kampuni iko ng'ambo na haifikiki. Yeye yuko Tegeta, laini ya simu imesajiliwa kwa jina lake, na kila shilingi iliyopita imeandikwa kwenye kumbukumbu za simu. Wenzake wasipolipwa, watakayemdai ni yeye.

Namna ya kuisoma sheria mwenyewe

Sheria za Tanzania zinapatikana bure kwenye tanzlii.org. Tafuta Sura ya 41. Usianze ukurasa wa kwanza ukachoka. Nenda kwenye vifungu vya makosa. Kila kifungu jiulize: ni nani anayekatazwa? Kikisema "mwenye leseni," kinamhusu mwendeshaji. Kikisema "mtu yeyote," kinaweza kukuhusu wewe pia. Kisome chote mpaka mwisho. Kisha tazama ni toleo la mwaka gani, maana sheria hurekebishwa na namba za vifungu huhama.

Sheria hizi hazivuki mpaka pamoja nawe. Hapa umri wa kucheza ni miaka 18, lakini Uganda ni miaka 25. Leseni nazo zina mwisho wake. Mwezi Julai 2019 serikali ya Kenya ilizikatalia leseni mpya kampuni 27 za kubeti, na namba zao za kupokea fedha kwa simu zikafungwa. Aliyekagua mwaka uliopita akague tena.

Ukikwama, waulize wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni ya bure. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kukuelekeza walipo. Nenda na karatasi yako yenye jina la kampuni, anwani ya tovuti, namba ya leseni, na ujumbe wa simu unaoonyesha fedha ulizotuma.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya mchezaji na mwendeshaji?
2. Kwa nini leseni ya Kurasao haitoshi Tanzania?
3. Utaijuaje tovuti iliyoiga jina la kampuni nyingine?
4. Jirani yako anakusanya dau za vijana na kuzituma ng'ambo. Mjadili darasani: mtamweleza nini?