Akaunti ya marehemu: nani ana ufunguo?

Wenye aifoni wengi huteua ndugu kuwa "Recovery Contact" wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Huyo kazi yake ni kukusaidia ungali hai: ukisahau nywila, simu yake hutoa tarakimu 6 unazoziingiza ili urudi kwenye akaunti yako. Picha na barua zako hawezi kuziona, na ukifariki tarakimu hizo hazimfungulii kitu.

Wa baada ya kifo ni "Legacy Contact". Fungua Settings, gusa jina lako, kisha Sign-In & Security, halafu Legacy Contact. Tuseme mama anamteua bintiye. Simu hutengeneza ufunguo, yaani msururu mrefu wa herufi na tarakimu pamoja na alama ya kuskani. Binti asipotumia aifoni, mama auchapishe na kuuweka pamoja na wosia. Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kukwama, maana Apple hudai vitu viwili pamoja: ufunguo huo na cheti cha kifo. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi.

Ombi likikubaliwa, binti hupata picha, ujumbe na faili zilizohifadhiwa iCloud kwa miaka 3, kisha akaunti hufutwa moja kwa moja, kwa hiyo anakili mapema. Nywila zilizohifadhiwa na taarifa za kadi za benki hapewi. Fedha za benki na za simu hufuata utaratibu wa mirathi.