Maandishi au sauti ya pili: kipi kinamfaa mwenye chaneli Kasongo?

Mtu wa Kasongo mwenye chaneli ya YouTube kwa Kiswahili, akitaka kutazamwa Kinshasa na Mbandaka, ana njia mbili. Anaweza kuandika Kifaransa chini ya picha, au kuongeza sauti ya Kifaransa kwenye video ileile ili mtazamaji achague ya kusikiliza. Anayetengeneza video kwa Kifaransa na kutaka zieleweke vijijini Kabambare ana njia hizohizo mbili, lakini jibu lake ni tofauti.

YouTube ilitangaza nafasi ya sauti nyingi kwenye video moja Februari 2023, baada ya kuijaribu na watu wachache akiwemo MrBeast, ambaye awali alikuwa na chaneli za pembeni kwa lugha nyingine. Septemba 2025 ilianza kuifungulia mamilioni ya chaneli, ikasema kwamba walioijaribu walikuwa wakipata, kwa wastani, zaidi ya asilimia 25 ya muda wa kutazamwa kutoka kwa watu wanaosikiliza lugha isiyo ya asili ya video. Asilimia hiyo isikupeleke dukani kununua maikrofoni. Ni ya wale walioingia kwenye majaribio, na wastani hausemi lolote juu ya chaneli yenye wafuasi mia tatu.

Hesabu ya video moja

Tuchukue video ya dakika 10 ya kukamua mawese, kuanzia kuchemsha chikichi hadi kukausha mafuta kwenye sufuria. Msemaji anaongea Kiswahili, maneno kama 1,200. Bei ninazoweka hapa ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako.

Kutafsiri ni gharama ya njia zote mbili: tuseme dola 10. Kwa maandishi, unaongeza kazi ya kupanga kila mstari uingie na kutoka kwa wakati wake: dola 5. Jumla 15. Kwa sauti, tafsiri hiyohiyo lazima ipunguzwe ienee kwenye picha, apatikane msomaji, kisha mtu wa kuhariri: dola 20 zaidi. Jumla 30. Msomaji mmoja anatosha. DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania walisimulia filamu nzima kwa sauti moja, na watu wakajaza mabanda ya video kuwasikiliza.

Upande wa mega, faili la maandishi, lile la .srt, halifiki hata kilobaiti 50. Sauti ya MP3 ya dakika 10 kwa kiwango cha 128 kbps ni karibu mega 10. Ukiipeleka kama WAV ya stereo, inapita mega 100, kwa hiyo tumia MP3. Ukifungua chaneli ya pili ya Kifaransa utapandisha video nzima upya, pengine mega 190 kwa ubora wa 720p, halafu watazamaji wako wagawanyike kwenye chaneli mbili. Mtazamaji mwenyewe haongezewi mzigo wowote, kwani simu yake inavuta ile sauti aliyochagua peke yake.

Sauti inapoharibika

Kosa linaloonekana haraka ni sauti kuachwa nyuma na picha. Msemaji anasema kwa sekunde nne kwamba chikichi zipondwe zikiwa bado moto, na tafsiri inachukua sekunde sita. Mikono tayari inamimina maji, sauti bado iko kwenye kinu. Sentensi tatu za namna hiyo mfululizo, na mtu aliyekuja kujifunza hajui tena aangalie nini. Usiharakishe sauti, kata maneno. "Zipondwe zikiwa moto" inatosha, kwa kuwa picha inaonyesha yaliyobaki.

Kosa la pili ni ukimya. Faili unalopandisha linachukua nafasi ya sauti yote ya video, si ya msemaji peke yake. Ukipeleka usomaji mtupu, mchi unapiga bila mlio na mafuta yanachemka kimya, kama vile simu imeharibika. Suluhisho rahisi ni kuacha sauti ya asili isikike kwa mbali chini ya usomaji. Hakikisha pia urefu wa sauti unalingana na wa video.

Maandishi nayo yana ugonjwa wake. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi kama 40, na yakae muda wa kutosha kusomeka. Usiyachome ndani ya picha kama video itatazamwa YouTube: mtu anayebana mega akishusha ubora hadi 144p, maandishi yaliyochomwa yanakuwa ukungu, wakati yale ya faili la .srt huchorwa na simu yenyewe na kubaki safi.

Anayesoma na anayesikiliza

Mtazamaji wa Kinshasa anayetafuta namna ya kukamua mawese kwa Kifaransa, kwa sehemu kubwa, ni mtu aliyesoma, na ana intaneti ya kumtosha kutafuta. Kwake maandishi yanafanya kazi, na sauti ya asili ya Kiswahili inamwonyesha kwamba anatazama watu wa Maniema wenyewe. Ila hatakuona kabisa kama jina la video liko kwa Kiswahili tu. Kwenye YouTube Studio, sehemu ya Langues, tafsiri kwanza jina na maelezo. Hiyo ni bure, nayo inatangulia maandishi na sauti.

Geuza sasa. Muuguzi wa Kasongo amerekodi kwa Kifaransa jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Anataka mama wa kijiji cha Kabambare aelewe. Maandishi ya Kiswahili hayamsaidii mama asiyejua kusoma, wala anayetazama simu ya jirani kwa mbali akiwa amebeba mtoto. Hapa ni sauti, hata kama bei ni mara mbili.

Hata hivyo, sauti ya pili ya YouTube inaishi ndani ya YouTube. Mtandao ukikosekana, video husafiri kwa kadi ya memori na kwa Bluetooth, na huko lile gurudumu la kuchagua Piste audio halipo. Hata faili lenye sauti mbili likipatikana, simu nyingi hufungua ya kwanza tu, isipokuwa mtu awe na VLC. Kwa hiyo muuguzi atoe pia nakala ya MP4 yenye Kiswahili peke yake, ndogo, ya 360p, na aiite jina linaloeleweka. Sauti ameshailipia, nakala hiyo ni dakika chache za kazi.

Pa kuanzia

Kabla ya kulipa, fungua Langues uone kama chaneli yako imepewa nafasi ya kuongeza sauti. Halafu, kama watazamaji unaowatafuta wanasoma, weka majina na maandishi ya Kifaransa kwenye video tano zinazotazamwa zaidi. Baada ya mwezi, ingia kwenye takwimu, angalia nchi za watazamaji na muda waliotazama wakiwa wamewasha manukuu. Video iliyopata watu wa Kifaransa wanaokaa hadi katikati ndiyo ya kuongezewa sauti kwanza. Ambayo haikupata hata mmoja haitaokolewa na dola 20 nyingine.